Muhtasari wa mradi wa vinasaba vya mtama wa asili: jopo lielezwe nini?

*Shikamoo Dokta. Timu yetu inaomba fedha za kusoma vinasaba vya aina 240 za mtama wa asili kutoka Dodoma na Singida, ili tupate jeni za kustahimili ukame. Kwenye jopo la wafadhili kuna mchumi, mhasibu na mwanasheria, na wanataka muhtasari wa ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi. Rasimu yangu inaanza hivi: "Mradi utabaini jeni ya ustahimilivu wa ukame kwa kutumia teknolojia ya kisasa ya usomaji wa vinasaba." Wenzangu wanasema haijakaa sawa. Inakosa nini?*
*Mtafiti, Morogoro*

Marahaba. Sentensi hiyo inaahidi jambo ambalo hamtalitimiza, halafu inaruka kazi itakayokula sehemu kubwa ya fedha zao. Mashine za kusoma vinasaba zipo, maabara za kulipia huduma hiyo zipo, na ukituma sampuli safi utarudishiwa herufi za vinasaba vyake. Ugumu uko shambani: kupima nani hasa amestahimili ukame, na kuwa na hakika kwamba ulichokipima ni ukame. Mhasibu akiona bajeti imejaa vibarua, mabomba ya maji na mifuko ya kufunika masuke, huku muhtasari ukizungumzia mashine tu, atauliza. Afadhali apate jibu kabla hajauliza.

Kwa hiyo anza na swali lenyewe la mradi, ambalo ni hili: kuna mtama unaokwepa ukame na kuna mtama unaouvumilia, na nyinyi mnautafuta wa pili. Ukimweleza mchumi tofauti hiyo vizuri, sehemu iliyobaki ya muhtasari ataielewa mwenyewe.

Chukua mfano wa kubuni, lakini uufuate hadi mwisho. Dodoma inapata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Tumepanda aina tatu katikati ya Desemba. Ya kwanza inachanua siku ya 60, katikati ya Februari, na mwisho wa Machi punje zimeshajaa. Mvua ikikatika mapema Aprili haina habari nayo. Ya pili na ya tatu zinachanua siku ya 100, mwisho wa Machi, na ukame unazikuta zikiwa ndiyo kwanza zinajaza punje. Mwaka wa mvua nzuri, aina ya kwanza inatoa tani 1.8 kwa hekta, ya pili 2.4, ya tatu 2.2. Mvua ikikatika mapema, ya kwanza inatoa 1.7, ya pili inaanguka hadi 1.0, ya tatu inabaki na 1.7.

Ukiangalia hasara peke yake, mshindi ni ya kwanza, kwa kuwa imepoteza chini ya asilimia 6. Lakini hiyo haikuvumilia chochote, iliwahi tu kumaliza kazi. Mbegu za kuwahi tunazo tangu zamani, na gharama yake inajulikana: mwaka wa mvua nyingi zinamnyima mkulima mavuno ambayo mtama wa muda mrefu ungempa. Yenye siri ni ya tatu. Ilichanua siku moja na ya pili, ikakosa maji kwa kiasi kilekile, lakini yenyewe ilipoteza asilimia 23 wakati mwenzake alipoteza 58. Mradi unatafuta kilichomo ndani ya hiyo ya tatu. Mfano wa namna hii, wenye tarakimu sita tu, unatosha kwenye muhtasari, mradi useme wazi kuwa ni wa kufafanulia na siyo matokeo yenu.

Sasa ndipo jopo litaelewa kwa nini mnahitaji shamba la umwagiliaji wakati wa kiangazi. Msimu wa mvua huwezi kuamuru mvua ikatike lini. Kiangazi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kama TARI Hombolo, maji yako mkononi mwako: nusu ya ploti zinamwagiliwa hadi mwisho, nusu nyingine zinakatiwa maji pale suke linapokaribia kutokeza. Ila hapa kuna mtego ambao umeharibu majaribio mengi. Ukikata maji tarehe moja kwa aina zote 240, zile zilizokwisha kuchanua zitakuwa zinajaza punje na zile za muda mrefu zitakuwa bado majani matupu, kwa hiyo kila aina itapata ukame wa umri tofauti na hakuna cha kulinganisha. Dawa yake ni kuzijua kwanza siku za kuchanua, kuzigawa aina katika makundi, na kupanda makundi kwa kupishana ili yote yafikie kuchanua karibu wakati mmoja. Aina ya kwanza katika mfano wetu, ikipandwa kwa mpango huo, itakatiwa maji ikiwa inajaza punje kama wenzake, na huenda ikaanguka hadi nusu ya mavuno yake. Hapo ujanja wake wa kuwahi unaonekana ulivyo.

Zingatia pia kwamba mtama huangalia urefu wa mchana. Dodoma tofauti kati ya Juni na Desemba haifiki saa nzima, lakini baadhi ya aina za asili zinaihisi, na usiku wa baridi wa Juni na Julai nao una lake. Siku za kuchanua ulizozihesabu msimu wa mvua hazitafanana kabisa na za kiangazi. Ndiyo maana msimu mmoja wa majaribio hautoshi, na ndiyo maana hesabu ya ploti inakuwa kubwa: aina 240, mara hali mbili za maji, mara marudio matatu, ni ploti 1,440. Kwa misimu miwili ni 2,880. Kila ploti ikiwa na mistari miwili ya mita 4, umbali wa sentimita 75, eneo lake ni mita 6 za mraba. Msimu mmoja unataka zaidi kidogo ya ekari mbili, bila kuhesabu njia. Mpe mhasibu hesabu hiyo kama ilivyo. Kwake hiyo ndiyo lugha nyepesi.

Jambo la pili ambalo rasimu yako haina ni mbegu yenyewe. Mkulima wa Kongwa akikupa kibaba cha mtama wa lugugu au langalanga, hajakupa mmea wa aina moja. Amekupa familia: masuke yaliyokaza na yaliyolegea, punje nyeupe zenye nyekundu chache, warefu na wafupi kidogo. Kwake huo mchanganyiko ni akiba, mwaka mbaya hauui wote. Kwako ni hatari, kwa sababu ukisoma vinasaba vya mmea mmoja na kupanda shambani mbegu za mmea mwingine, herufi za huyu utazifunga na mavuno ya yule, na kompyuta haitakuambia kitu.

Kwa hiyo kabla ya yote mnachagua suke moja kwa kila aina na kulifunika kwa mfuko wa karatasi ili lijichavushe lenyewe, kisha mnarudia kwa kizazi kingine. Mtama huanza kuchanua kwenye ncha ya suke na kushuka chini kwa muda wa kama wiki moja. Mfuko ukivalishwa ukiwa umechelewa siku mbili, ncha imeshapokea chavua ya jirani. Fundi anayejua kazi hukata ile ncha iliyokwisha kuchanua kwa mkasi, ndipo anafunika na kuandika tarehe kwenye mfuko. Vizazi viwili vya kazi hiyo, kwa umwagiliaji, ni karibu mwaka mzima. Jopo lisipoambiwa, litauliza mwaka wa kwanza ulipotelea wapi.

Baada ya hapo ndipo usomaji. Vinasaba vya mtama ni kama herufi milioni 730, zimepangwa katika kromosomu 10, na tangu 2009 kuna nakala ya kulinganishia iliyochapishwa. Mashine haisomi kitabu chote kwa mkupuo, inasoma vipande vifupi vingi, ndiyo maana kila sehemu husomwa mara kadhaa ili makosa ya kusoma yajulikane. Ukisoma kila aina kwa wastani wa mara 10, unarudishiwa herufi bilioni 7.3 kwa aina moja. Unazilinganisha na ile nakala, unabaki na orodha ya mahali ambapo aina zako zinatofautiana, huenda mamilioni. Hatua inayofuata ni kuuliza kwa kila mahali: je, wenye herufi hii walihimili ukame kuliko wenye herufi ile?

Mchumi anazijua takwimu, kwa hiyo usimfiche hatari iliyoko hapo. Ukijaribu sehemu milioni moja kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5, sehemu 50,000 zitaonekana zina uhusiano na ukame kwa bahati nasibu tu. Kizingiti kinachotumika ni kikali zaidi: asilimia 5 igawanywe kwa milioni moja. Lakini hata kizingiti hicho hakizuii udanganyifu wa pili, ambao ni undugu. Tuseme mtama mwingi kutoka upande mmoja wa Singida ni ndugu, wote wana punje nyeupe na wote wanavumilia ukame. Kila herufi wanayochangia kwa undugu wao, ikiwemo ya weupe wa punje, itajitokeza kana kwamba ni ya ukame. Kwa hiyo uchambuzi hupima kwanza nani ni ndugu wa nani na kuliondoa hilo kwenye hesabu.

Hapa kuna kitu ninachokipenda, na wachache hukiweka kwenye maombi yao. Mtama una jeni kadhaa zinazojulikana vizuri, na unaweza kuzitumia kama walinzi. Kwenye kromosomu ya 6 kuna jeni ya kupanga wakati wa kuchanua, iitwayo `Ma1`. Kwenye kromosomu ya 4 kuna `Tannin1`, ya tanini, ile inayoleta ukakasi kwenye punje. Matokeo yenu ya ukame yakionyesha kilele kikubwa, yaani uhusiano wenye nguvu, jirani na `Ma1`, mjue mmepima kuwahi kuchanua na makundi yenu ya kupanda hayakufanya kazi. Kikitokea kilele jirani na `Tannin1`, wafikirie ndege. Kiangazi shamba lenu ndilo mtama pekee wenye punje kwa kilomita nyingi, na kweleakwelea watalijua kabla ya wanakijiji. Ndege hula kwanza punje tamu na kuacha zenye ukakasi. Mizani nayo inapima kilichobaki tu, haijui kama kilichopungua kimepunguzwa na jua au na mdomo wa ndege. Kwa hiyo mifuko ya kufunika masuke na walinzi wa alfajiri si anasa kwenye bajeti. Ukieleza hivyo kwa sentensi mbili, mwanajopo asiye mwanasayansi anaona kwamba mnajua mtakavyogundua mkikosea.

Tukirudi kwenye ahadi. Usiseme "jeni ya ukame" kwa umoja. Kuna historia ya kweli inayoonyesha kiasi kinachofaa kuahidiwa, nayo ina faida ya kuonyesha kwamba mbegu za asili za Afrika zimewahi kulipa. Watafiti wa Texas walichukua mtama wa asili wa Ethiopia wakatoa kwake mbegu ya kuzalishia mbegu nyingine, iitwayo B35. Sifa yake ni kubaki na majani mabichi wakati mtama mwingine umeshakauka ukiwa unajaza punje. Kufikia mwaka 2000 hivi, sehemu nne za vinasaba vyake zinazobeba sifa hiyo zilikuwa zimetambuliwa, `Stg1` hadi `Stg4`, kwenye kromosomu za 2, 3 na 5. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu ya siri ni uchumi wa maji: mmea wenye sehemu hizo huchipuza machipukizi machache na majani ya juu madogo, hivyo hutumia maji kidogo kabla ya kuchanua na kubakiza udongoni ya kujazia punje. Wagunduzi waliangalia wapi majani yanabaki mabichi, na jibu likawa kwenye matumizi ya maji ya wiki nyingi kabla.

Angalia muda. Sehemu zilipatikana, wazalishaji wa mbegu wakaanza kuzihamisha kwenye mbegu nyingine, huku mabishano kuhusu jeni ipi hasa ndani ya sehemu hizo inafanya kazi yakiendelea kwa miaka mingi. Sehemu moja inaweza kubeba mamia ya jeni. Kwa mradi wa miaka mitatu, ahidi sehemu za vinasaba, pamoja na alama za kuzifuatilia, na mbegu halisi zinazozibeba. Ongeza kwamba mtaangalia kama aina zenu zinazovumilia zinazo zile `Stg` zinazojulikana au zina njia nyingine. Matokeo yote mawili yana maana. Zikiwa nazo, mzalishaji anaweza kuanza kazi kesho kwa alama zilizopo. Zisipokuwa nazo, mna kitu kipya.

Lazima pia useme zitakwenda wapi. Kwa mfano: aina mbili bora zitachavushwa na Macia, mbegu iliyokwisha kuingia kwa wakulima, na watoto wao watapimwa kwa alama hizo wakiwa miche ya wiki mbili, kabla ya kusubiri ukame. Miaka mitatu itaishia kwenye vizazi vya mwanzo vya machotara hao. Mbegu ya kuthibitishwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kumfikia mkulima iko mbele ya hapo, na mseme hivyo.

Mwanasheria atauliza mbegu ni za nani. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Vinasaba vya Mimea kwa Chakula na Kilimo, na mtama umo kwenye orodha ya mazao yake, kwa hiyo kwa mbegu za hifadhi ya taifa iliyoko kwenye mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, Ngaramtoni, Arusha, kuna hati ya kawaida ya kuhamisha mbegu. Mbegu mtakazochukua moja kwa moja kwa wakulima zinahitaji ridhaa yao iliyoandikwa, na makubaliano ya nini kinarudi kijijini. Zile herufi nazo, zikishawekwa kwenye hazina ya wazi mtandaoni, haziwezi kurudishwa. Amueni sasa, mwandike mlichoamua.

Nikiandika muhtasari wenyewe, ningeuandika hivi:

> Mvua ya Dodoma na Singida inapokatika mapema, mtama mwingi hukauka ukiwa unajaza punje. Baadhi ya aina za asili huendelea kujaza. Nyingine huokoka kwa sababu tu zilikomaa mapema, na hizo hutoa mavuno kidogo mwaka wa mvua nzuri. Tunataka kuzitambua zinazovumilia kweli, na kujua ni sehemu gani za vinasaba vyao zinazohusika.
>
> Mwaka wa kwanza tutasafisha mbegu za aina 240, ili mmea tunaousoma maabara uwe ndugu halisi wa mmea tunaoupima shambani. Viangazi viwili vinavyofuata tutazipanda kwa umwagiliaji, ploti 1,440 kila msimu: nusu zikipewa maji hadi mwisho, nusu zikikatiwa suke linapokaribia kutokeza. Aina zitapandwa kwa kupishana ili zote zikutwe na ukame zikiwa na umri mmoja. Wakati huohuo tutasoma vinasaba vya kila aina na kutafuta tofauti zinazoambatana na kuvumilia.
>
> Tunaweza kudanganywa na mambo matatu: kuwahi kuchanua, ndege, na undugu kati ya aina. Kwa mawili ya kwanza, jeni zinazojulikana kwenye kromosomu za 6 na 4 zitatuonya. La tatu linaondolewa kwenye hesabu.
>
> Mwishoni mwa mwaka wa tatu tutakabidhi orodha ya aina zilizovumilia, alama za vinasaba ambazo mzalishaji anaweza kuzitumia kuchagua miche, na vizazi vya mwanzo vya machotara kati ya aina mbili bora na Macia. Hatutakuwa na mbegu mpya ya kuuza, na huenda tusijue jeni moja moja ndani ya sehemu tutakazozipata. Wakulima waliotoa mbegu watarudishiwa mbegu zao zilizosafishwa na matokeo yake, na nakala itahifadhiwa Arusha.

Hayo ni maneno kama 210, una nafasi ya kuweka jedwali dogo la bajeti chini yake.

Jiandae na swali moja ambalo halitaandikwa popote: "Tukiwapa theluthi mbili ya fedha, mtapunguza nini?" Wengi hukimbilia kupunguza msimu wa pili au marudio, kwa kuwa ndiyo yenye gharama inayoonekana. Usiguse hapo. Ukibaki na rudio moja, ploti iliyokaa kwenye kibonde chenye unyevu itaonekana ni mtama shujaa, na hutakuwa na njia ya kujua. Punguza kwanza kina cha usomaji: soma aina 30 kwa wastani wa mara 10, na zile 210 kwa wastani wa mara 1 au 2, halafu mapengo yajazwe kwa kompyuta kwa kuangalia zile 30. Inawezekana kwa sababu mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo herufi za jirani hurithiwa pamoja kwa vipande virefu. Mkilazimika kupunguza zaidi, anzeni na aina zilizo ndugu wa karibu mno, ambazo usomaji huo wa juujuu, ukifanywa mapema, utazionyesha kabla hamjapanda ploti ya kwanza.